Harufu ya petroli ndani ya gari ukishapaki: jinsi ya kujua kama ni paipu, oringi ya nozeli au mvuke wa tenki

Hapa Tanga nimeletewa gari nyingi zenye tatizo hili, na nyingi zinakuja zikiwa zimeshabadilishwa mfuniko wa tenki, zimeshabadilishwa kanista, lile kopo la mkaa linaloshika mvuke wa tenki, na mmoja alikuwa kashabadilisha mpaka pampu, na harufu bado ipo vile vile. Watu wanakwama sehemu moja, wananunua spea kabla ya kujua petroli inatokea wapi. Kwaiyo hapa naandika utaratibu wa kutafuta kwanza, alafu ndo kurekebisha.

Mwongozo huu ni wa gari za petroli zenye nozeli za kawaida, zile zinazopulizia kwenye manifoldi, yale mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini, kama IST, Vitz, Raum, Premio na ndugu zao. Kama gari yako imeandikwa D-4, mfano Noah ya injini ya 1AZ-FSE, soma hatua ya 1 mpaka ya 3 kisha ipeleke kwa fundi anayezijua, maana upande wa nozeli presha yake ni kubwa mno, ukifungua vibaya inakutoboa ngozi.

Vitu vya kuwa navyo

- Mtungi wa zimamoto wa unga, uwe karibu na mkono na usiwe umefungiwa kwenye buti
- Tochi ya LED ya betri
- Tishu nyeupe au karatasi ya jikoni, nyeupe kabisa isiyo na manukato
- Glavu za mpira zisizoyeyuka kwa mafuta, na miwani
- Vitambaa vikavu vya pamba vinne vitano, na makopo madogo yenye mfuniko
- Soketi namba 10 na 12, bisibisi, plaisi ya mdomo mrefu
- Jeki na stendi mbili imara
- Brashi laini na kopo la kupulizia maji
- Daftari na kalamu, usidharau hii

Oringi, mipira na klipu usinunue bado. Utanunua ukishajua.

Kabla hujagusa kitu

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka chini na kujikusanya. Kwaiyo usifanyie kazi hii juu ya lile shimo la gereji, wala kwenye banda lililofungwa. Toa gari nje, mahali penye upepo, mbali na jiko la mkaa la mama lishe na mbali na mtu anayechomea vyuma. Usitumie ile taa ya balbu ya kuvuta kwa waya, tone moja la petroli likigusa balbu ya moto inapasuka na hapo ndo moto unapoanzia.

Na kama unaona petroli inadondoka chini, iwe tone moja moja, usiiwashe tena hiyo gari. Isukumwe. Gari inayodondosha petroli haiendeshwi hata kwenda gereji ya mtaa wa pili.

Hatua ya 1: Andika harufu inakuja lini

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye majibu mengi. Kaa siku tatu unaandika, ukitoka safari weka muda: harufu imekuja nikiwa naendesha, au nimepaki ikaja baada ya dakika ngapi, tenki lilikuwa kiasi gani, na nani kaisikia, wa mbele au wa nyuma. Muulize na mtu mwingine, maana pua ikikaa na petroli dakika chache inazoea na wewe utaapa harufu imeisha kumbe bado ipo.

Sababu ya kuandika muda ni kwamba sehemu hizi tatu zinavuja kwa tabia tofauti kabisa.

Upande wa nozeli. Petroli kwenye reli ya nozeli, ile paipu inayogawia nozeli zote, iko kwenye presha ya psi 44 mpaka 50 kwa gari nyingi kama IST, hiyo ni zaidi ya unayojaza kwenye tairi. Ukizima injini presha haiondoki hapo hapo, inabaki muda, na wakati huo huo feni na upepo wa safari vimesimama, joto la injini linapanda juu chini ya boneti. Kwaiyo oringi iliyochoka inatoa petroli kidogo, petroli inagusa chuma cha moto, inageuka mvuke, na mvuke unaingia kwenye ile nafasi chini ya kioo cha mbele zinapokaa waipa, ambako ndo gari inavutia hewa ya ndani. Dalili yake: unaendesha vizuri tu, unapaki, dakika 5 mpaka 15 baadaye ukifungua mlango harufu inakupokea. Wa mbele anaisikia zaidi. Haijali tenki limejaa au la.

Upande wa mvuke wa tenki. Hapa hakuna petroli ya maji, ni mvuke wenye presha ndogo sana, unatoka tenki kwenda kwenye kanista yenye mkaa, alafu injini inaunyonya kupitia valvu. Ukivuja hauachi alama yoyote. Dalili yake inafuata tenki: ukijaza harufu inapanda, likifika nusu inapungua, likifika robo unasahau. Wa siti ya nyuma analalamika kabla ya dereva. Jua kali la mchana linaiongeza hata gari isipotembea.

Paipu ya mafuta. Hii nayo ina presha ile ile ya pampu, ila inapita chini ya gari, kwaiyo ukiwa na mwendo upepo unaifuta, ukisimama kwenye foleni au kwenye tuta inapanda mpaka ndani hasa kama kioo kimefunguliwa. Mara nyingi unaona na ulaji wa mafuta umebadilika, au asubuhi gari inazungusha starta muda mrefu kabla ya kuwaka kwa sababu presha yote imeshuka usiku. Hiyo ya kuchelewa kuwaka inaweza kuwa nozeli pia, kwaiyo usihukumu kwa dalili hiyo peke yake.

Hatua imefanikiwa kama kwenye daftari una angalau safari tatu na unaweza kusema sentensi moja, mfano "inakuja dakika kumi baada ya kupaki, tenki nusu, siti ya mbele". Hiyo ilikuwa sentensi ya bwana mmoja wa Makorora mwenye IST anayekwenda Muheza kila siku, nitarudi kwake maana gari yake ilinifunza.

Hatua ya 2: Jaribio la kitufe cha hewa

Kwenye dashibodi kuna kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Ukikiwasha, hewa inazunguka ndani kwa ndani na mlango wa hewa ya nje unafungwa.

Siku ya kwanza tembea kama kawaida yako, angalau nusu saa, hewa ya nje ikiwa wazi, paki, zima, funga vioo na milango, subiri dakika 15 nje ya gari, alafu fungua na nusa. Siku ya pili fanya safari ile ile, ila dakika moja kabla ya kuzima bonyeza hewa ya ndani, ukizima acha hivyo hivyo.

Kama siku ya pili harufu imepungua sana, petroli inatokea chini ya boneti. Kama haijabadilika, inatokea nyuma au chini ya sakafu. Safari iwe ile ile na tenki liwe karibu sawa, vinginevyo hujalinganisha kitu.

Tahadhari moja, gari zilizowahi kugongwa mbele mara nyingi ule mpira mrefu wa nyuma ya boneti unakuwa haupo au umekaa vibaya, hapo hewa ya injini inapenya hata kitufe kikiwa kimefunga. Angalia mpira huo kwanza. Kama haupo, urudishe, lakini usidhani ndo dawa, mpira unazuia harufu kuingia tu, petroli yenyewe bado inavuja juu ya injini ya moto.

Yule bwana wa Makorora siku ya pili alipiga simu akasema harufu karibu hamna. Na huyo alikuwa kashanunua kanista na mfuniko wa tenki! Vitu vyote viwili viko kwenye njia ya mvuke wa tenki, wakati daftari lake na kitufe vyote vinaelekeza mbele.

Hatua ya 3: Kagua nozeli asubuhi, injini ikiwa baridi

Lazima baridi. Injini ikiwa ya moto petroli inakauka kabla hujaiona, ndo maana mafundi wengi wanafungua boneti baada ya safari, wanapiga tochi, wanasema pakavu hapa.

Fungua boneti, kama boksi la eakilina au plastiki ya juu vinaziba, vitoe, ila boksi utalirudisha kabla ya kuwasha. Angalia reli ya nozeli na kila nozeli inapoingia. Kabla ya kuona maji utaona alama: sehemu moja vumbi limeoshwa ikawa safi kuliko jirani zake, au kuna rangi ya kahawia kama chai iliyokauka. Gari zetu zinakula vumbi la kutosha, kwaiyo sehemu safi peke yake juu ya injini chafu inatakiwa ikushtue.

Sasa tengeneza presha. Toyota nyingi za umri huu pampu haizunguki kwa kufungua switchi tu, inazunguka ukipiga starta. Rudisha vitu, mtungi wa zimamoto uwe pale, washa injini sekunde 10, zima, toa ufunguo. Chana tishu vipande, zungushia kipande kimoja kila nozeli pale juu inapoingia kwenye reli, vingine pale chini inapoingia kwenye manifoldi, na kingine kwenye kiungo ambapo mpira wa mafuta unaingia kwenye reli. Subiri dakika 10. Toa kimoja kimoja, tazama na nusa.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana. Nozeli ina mipira miwili na kazi zake ni mbili tofauti. Oringi ya juu inazuia petroli yenye presha isitoke, ikifa unapata tishu iliyolowa na harufu. Sili ya chini inazuia hewa isiingie kwenye manifoldi, hapo injini ikiwaka kuna mvuto, sio presha, kwaiyo ikifa hewa inaingia ndani, injini inatetemeka bila kukanyaga mafuta, na mashine ya kusoma makosa inaweza kuonyesha P0171, yani hewa imezidi petroli. Petroli haimwagiki hapo. Mtu akikwambia harufu kali ni ya sili ya chini, mwambie akuonyeshe tishu.

Kuijaribu ya chini ni rahisi, injini iwake bila kukanyaga mafuta, pulizia maji kidogo tu kuzunguka mguu wa nozeli moja moja. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa. Usitumie dawa ya kusafishia kabureta kwa jaribio hili, inawaka.

Kuna ya tatu, nozeli yenyewe kutofunga vizuri kwa ndani. Nje kutakuwa pakavu kabisa, lakini petroli inadondokea ndani ya injini. Chomoa kijiti cha oili, kinuse. Kama oili inanuka petroli na kimo kimepanda juu ya alama, tatizo ni nozeli au kwa zile D-4 pampu ya presha, na usiendelee kuendesha kwa sababu oili iliyochanganyika haishiki beringi.

Kwa IST ya Makorora, vipande vyote vilikuwa vikavu isipokuwa kimoja. Kipande cha juu cha nozeli ya 3 kilikuwa kimelowa ukubwa wa ukucha. Kitu kidogo hivyo, na kilikuwa kinanukisha gari nzima kila jioni.

Umefanikiwa kama una kipande kimoja chenye unyevu na unajua kimetoka wapi. Vyote vikiwa vikavu, rudia siku nyingine mara moja, alafu nenda hatua ya 4.

Hatua ya 4: Fuata paipu kutoka mbele mpaka tenki

Anza na mpira wa mafuta chini ya boneti. Ukunje kidogo kwa vidole, ukiona nyufa ndogo ndogo kwenye kona au mpira umekuwa mgumu kama fimbo, umekwisha. Mpira uliozeeka unaweza kutoa harufu bila hata tone, petroli inapenya ukutani kwake taratibu. Kama uliwahi kubadilishwa, soma maandishi. Mpira wa gari ya nozeli uwe umeandikwa SAE J30R9. Nimetoa mipira ya maji, mpaka ya gesi ya jikoni, kwenye njia ya petroli ya psi 50. Unashika wiki chache unalainika, unavimba, unachomoka.

Sasa chini. Weka gari kwenye stendi, sio jeki peke yake, injini ikiwa baridi. Paipu za chuma zinapita chini ya sakafu zikiwa zimeshikwa na klipu za plastiki, na hapo kwenye klipu ndo pa kuangalia, sio katikati ya paipu. Sisi tunakaa na bahari, gari inayolala Raskazone au inayokwenda Pangani kila mara inapata chumvi, na tope la chumvi linajificha kati ya klipu na paipu halikauki. Kwa nje unaona rangi nzuri, ukitoa klipu paipu imeliwa nusu. Toa klipu moja moja, safisha kwa brashi laini. Usikwangue kwa bisibisi wala brashi ya waya, paipu iliyoliwa inatoboka mkononi mwako.

Fika mpaka nyuma kwenye chujio kama iko nje, na kwenye viungo vya kubonyeza vya plastiki. Zungushia tishu kila kiungo kama ulivofanya kwenye nozeli, washa sekunde 10, zima, subiri. Wakati injini inawaka usiwe chini ya gari.

Paipu zikiwa kavu zote, na kutu ni ya juu juu, na tishu hazinuki, paipu umezimaliza.

Hatua ya 5: Mvuke wa tenki

Hapa fika tu kama daftari lako linasema harufu inafuata kujaza mafuta, au hatua za juu zimetoka kavu. Kwa vile mvuke hauachi unyevu, tishu haisaidii, tutatumia vitambaa na pua.

Jaza tenki, tembea kama nusu saa lipate joto, paki. Weka kitambaa kikavu juu ya mfuniko wa tenki na ufunge kile kimlango. Inua siti ya nyuma, kwenye gari nyingi ndogo za Toyota utakuta kifuniko cha chuma chenye plagi ya pampu, weka kitambaa cha pili hapo juu kabla hujafungua chochote. Cha tatu kwenye kanista, iwe nyuma karibu na tenki au mbele chini ya boneti. Cha nne kwenye shingo ya tenki ndani ya tairi la nyuma. Acha saa mbili, alafu kila kitambaa kiingie kwenye kopo lake, andika kopo, funga. Mwite mtu ambaye hakuwa na wewe, anuse makopo bila kumwambia lipi ni lipi. Nasema mtu mwingine kwa sababu pua yako wakati huo imeshachoka.

Ninachokikuta mara nyingi kuliko vyote ni kifuniko cha pampu. Mtu alibadilisha pampu, ule mpira mkubwa wa duara akaurudisha wa zamani, petroli ilikuwa imeuvimbisha hauingii kwenye mfereji wake, akaulazimisha. Mvuke unatoka hapo moja kwa moja chini ya siti wanapokaa watoto. Na tenki likiwa limejaa, ukikata kona inatoka petroli yenyewe. Dawa ni mpira mpya, uso upanguswe, na usipake silikoni ya gaskiti maana petroli inaitafuna na vipande vinaingia kwenye tenki.

Ya pili ni valvu inayoruhusu injini kunyonya mvuke. Ikiganda wazi, gari inasumbua kuwaka ukishajaza mafuta sheli. Kuipima chomoa plagi yake ya umeme, injini ikiwa inawaka bila kukanyaga mafuta, chomoa mpira unaotoka upande wa kanista, weka kidole. Ikiwa inavuta wakati haina umeme, haifungi, ibadilishe.

Kanista yenyewe inaharibika zaidi kwa tabia ya sheli. Bunduki inakata, mhudumu anaongeza ili hesabu iwe ya mviringo, anaongeza tena mpaka shingoni. Ile nafasi ya juu ya tenki ni ya mvuke, ukiijaza petroli inakwenda kwenye kanista na mkaa ukishalowa haushiki tena mvuke. Ikikata mara ya kwanza, basi.

Kuhusu mashine ya kusoma makosa, P0442 inasema mvuke unavuja kidogo na P0455 unavuja sana. Lakini gari nyingi tunazoagiza Japani hazina mfumo wa kujipima uvujaji huo, kwaiyo taa isipowaka haimaanishi hamna uvujaji. Na usikubali mtu aunganishe kompresa kwenye tenki kutafuta uvujaji, mfumo huu unapimwa kwa presha ndogo sana ya mashine ya moshi, kompresa inapasua mipira na unatoka na matatizo mawili.

Hatua ya 6: Kubadilisha oringi za nozeli

Nazungumzia hii kwa urefu kwa sababu ndo inayofanywa vibaya. Paipu iliyoliwa kwa kutu mwachie fundi wa paipu aitengeneze nzima, usikate kipande ukaunga mpira wa kawaida katikati.

1. Toa presha kwanza. Chomoa plagi ya pampu chini ya siti, washa injini, iache mpaka ijizimie, piga starta tena sekunde 3. Alafu toa hasi ya betri. Usichomoe fyuzi iliyoandikwa EFI ukidhani ni njia ya mkato, kwenye Toyota nyingi hiyo inakata na kompyuta, injini haitawaka na presha itabaki pale pale.

2. Safisha kuzunguka nozeli zote kwa brashi kabla ya kuzivuta. Mchanga ukidondoka kwenye tundu unaingia kwenye silinda.

3. Funika kiungo cha mpira wa mafuta kwa kitambaa, kifungue taratibu. Petroli kidogo itatoka, ni kawaida.

4. Chomoa plagi za nozeli kwa kubonyeza kilimi, plastiki zake zimezeeka, ukivuta kwa nguvu zinavunjika. Fungua bolti za reli, inua reli na nozeli kwa pamoja, wima. Ziba matundu kwa vitambaa safi.

5. Badilisha oringi za nozeli zote nne na sili za chini zote nne, hata kama moja ndo inavuja. Zina umri mmoja. Oringi iwe ya petroli yenye kipimo kile kile, za bomba la maji zinafanana kwa macho ila petroli inazivimbisha.

6. Paka oringi petroli kidogo au oili nyepesi safi, sio grisi, sio silikoni. Isukume nozeli kwenye reli huku unaizungusha kushoto na kulia. Ikikataa usilazimishe, itoe uangalie oringi.

7. Rudisha reli, shika bolti kwa vidole, kabla ya kukaza zungusha kila nozeli kwa mkono. Inatakiwa izunguke laini. Nozeli isiyozunguka ina oringi iliyobanwa au kukatika, itoe sasa hivi. Kaza bolti pole pole kwa zamu, kichwa cha injini ni aluminiamu, nyuzi zinaliwa upesi.

Hiyo namba 7 naisisitiza kwa sababu ya IST ile ile. Kabla ya kuja kwetu nozeli zilikuwa zimeshatolewa na kuoshwa mahali pengine, na nilipotoa ya 3 oringi ilikuwa mpya, laini, ila ina mkato mdogo kama wa kucha upande mmoja. Ilisukumwa kavu. Yani mwenye gari alikuwa na spea mpya inayovuja, ndo maana hakuna aliyeishuku.

Hatua ya 7: Hakikisha

Rudisha betri na plagi ya pampu. Washa sekunde 10, zima, zungushia tishu upya sehemu zote za hatua ya 3, subiri dakika 10. Zote ziwe kavu. Ikilowa hata moja, toa presha na urudi hatua ya 6, usiseme itajikaza yenyewe.

Zikiwa kavu, iache iwake mpaka feni ya rejeta iwashe, zima, angalia tena kwa tochi baada ya dakika 10, maana kuna oringi zinazoshika baridi na kuachia kwenye joto.

Alafu rudia safari ya hatua ya 2, hewa ya nje ikiwa wazi. Usihukumu siku ya kwanza, zulia, sponji ya siti na chujio la hewa ya ndani vinashika harufu siku mbili tatu. Toa chujio, badilisha kama linanuka, acha milango wazi kivulini mchana mmoja.

Kwa yule bwana wa Makorora jioni ya kwanza mkewe alisema bado inanuka. Tulitoa chujio, lilikuwa linanuka petroli kama kitambaa cha gereji, likawekwa jipya. Siku ya nne akatoka Muheza, akapaki, akasubiri dakika 15 na saa mkononi, mkewe akafungua mlango na kuingiza kichwa, hamna kitu. Kilomita elfu moja baadaye nikamwita nikaweka tena tishu asubuhi, zote kavu.

Wewe pia weka tishu tena baada ya mwezi, alafu daftari liweke kwenye gari.